Kutoka Kikopo cha Mkojo hadi Uchaguzi wa Dawa: Rangi ya Gram, Uoteshaji wa Bakteria na Kipimo cha Usikivu katika Mfano wa Mgonjwa wa Nkuhungu, Dodoma

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna vipimo vitatu vya maabara ya bakteriolojia, yaani upakaji wa rangi ya Gram, uoteshaji wa bakteria na upimaji wa usikivu wao kwa antibiotiki, vinavyomwongoza tabibu katika kuchagua dawa. Ufafanuzi umejengwa juu ya mfano mmoja wa uambukizi wa figo kwa mkazi wa Kata ya Nkuhungu, Jiji la Dodoma. Hoja kuu ni kwamba kila kipimo hujibu swali lake kwa wakati wake, na kwamba neno “sikivu” katika fomu ya majibu halitoshi peke yake kuwa sababu ya kuchagua dawa. Neno hilo hupata maana pale tu linaposomwa pamoja na mahali uambukizi ulipo, hali ya mgonjwa, na ubora wa kazi iliyofanyika maabara.

1.0 Utangulizi

Matibabu ya uambukizi wa bakteria mara nyingi huanza kabla kisababishi hakijajulikana. Tabibu hukadiria aina ya bakteria kutokana na dalili, huchagua dawa inayotarajiwa kuwaua wengi wao, kisha husubiri. Makadirio hayo yanapokosea, gharama yake huwa kubwa. Katika utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2001 na 2002, na kuchapishwa mwaka 2007, watoto waliokuwa na bakteria wa Gram hasi katika damu walifariki kwa asilimia 43.5, ilhali vifo vya watoto wenye malaria vilikuwa asilimia 20.2, na vya wenye bakteria wa Gram chanya katika damu asilimia 16.7. Watafiti hao walionesha pia kuwa watoto waliopewa dawa ambayo bakteria wao walikuwa sugu kwayo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Takwimu hizo zinahusu damu na zinahusu watoto, lakini fundisho lake linavuka mipaka hiyo: tofauti kati ya Gram hasi na Gram chanya, na kati ya sugu na sikivu, ni tofauti zinazogusa uhai wa mgonjwa. Makala hii inachukua uambukizi wa njia ya mkojo kwa sababu sampuli yake hupatikana kwa urahisi hata katika zahanati ya kata, na kwa sababu ndani yake kosa la kusoma majibu hujitokeza waziwazi zaidi kuliko kwingineko.

2.0 Mgonjwa na sampuli yake

Mgonjwa anayetumika hapa ametungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Ni mwanamke wa miaka 31, mkazi wa Nkuhungu, mwenye uzito wa kilo 56. Anafika kituo cha afya akiwa na homa ya nyuzi 38.9 za selsiasi, maumivu ya ubavu wa kulia, kutapika, na maumivu wakati wa kukojoa. Kipimo cha ujauzito ni hasi na kipimo cha malaria ni hasi. Homa na maumivu ya ubavu vinaashiria kuwa uambukizi umepanda kutoka kibofu hadi kwenye figo. Jambo hili linapaswa kuandikwa katika fomu ya maabara tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo litakaloamua maana ya majibu mwishoni.

Mkojo wa katikati ya mkondo unakingwa katika kikopo safi kisicho na vimelea kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Mpangilio huu ni wa lazima. Mkojo uliokingwa saa chache baada ya sindano unaweza usioteshe chochote, na tabibu akadhani hakuna uambukizi, kumbe bakteria wamezuiwa kuota na dawa iliyomo ndani ya mkojo wenyewe. Baada ya sampuli kuchukuliwa, mgonjwa anaanzishiwa seftriaksoni gramu 1 kwa siku kwa njia ya mshipa.

Kutoka kituo cha afya hadi maabara yenye uwezo wa kuotesha bakteria kuna safari. Tuseme mkojo una bakteria 1,000 tu kwa mililita, idadi ambayo mara nyingi hutokana na uchafuzi wa ngozi. Ukiachwa mezani mchana wa joto wa Dodoma, na bakteria hao wakagawanyika kila baada ya dakika 30, basi katika saa tatu na nusu watakuwa wamegawanyika mara 7. Idadi yao itakuwa imezidishwa mara 128, na kufikia 128,000 kwa mililita. Uchafuzi mdogo utakuwa umegeuka kuwa “uambukizi” kwenye karatasi. Ndiyo maana mkojo unatakiwa kufika maabara ndani ya saa mbili, au uhifadhiwe katika jokofu la nyuzi 2 hadi 8, au uwekwe katika chupa yenye asidi ya boriki. Katika mfano huu sampuli ilisafirishwa ndani ya kasha la barafu na kupokelewa baada ya dakika 80.

3.0 Saa ya kwanza: rangi ya Gram

Njia hii ilibuniwa na daktari Mdenmaki, Hans Christian Gram, alipokuwa akifanya kazi mjini Berlin, na aliichapisha mwaka 1884. Tone la mkojo ambao haujazungushwa kwenye mashine hupakwa juu ya kioo, likaachwa likauke na kugandishwa kwa joto. Kioo hufunikwa kwa rangi ya zambarau ya kristali kwa muda wa dakika 1, kisha kwa mmumunyo wa iodini kwa dakika 1. Baada ya hapo huoshwa kwa mchanganyiko wa asetoni na alkoholi kwa sekunde chache tu, na hatimaye hupakwa rangi nyekundu ya safranini kwa dakika 1.

Siri ya kipimo imo katika ukuta wa bakteria. Ukuta mnene wa Gram chanya huishikilia zambarau iliyoungana na iodini, hata alkoholi inapopita. Gram hasi wana ukuta mwembamba uliofunikwa kwa utando wa mafuta. Alkoholi huuharibu utando huo, zambarau hutoka, na bakteria huchukua rangi nyekundu inayofuata. Hivyo hatua ya kuosha ndiyo yenye hatari kubwa. Ikizidishwa, hata Gram chanya huonekana wekundu. Ikifupishwa, au tone likipakwa kwa unene, hata Gram hasi hubaki zambarau. Msomaji wa hadubini anaweza kuligundua kosa hilo kwa kutazama viini vya chembe nyeupe za damu: vinapaswa kuwa vyekundu. Vikiwa zambarau, uoshaji haukutosha. Uoshaji uliozidi hugunduliwa kwa kioo cha ulinganisho, chenye Staphylococcus aureus na Escherichia coli, kinachopakwa rangi pamoja na kioo cha mgonjwa. Staphylococcus aureus akionekana mwekundu, kazi yote irudiwe.

Katika kioo cha mgonjwa wetu zilionekana chembe nyingi za usaha, na fito nyekundu mbili hadi tatu katika kila uwanja wa lenzi ya mafuta. Kwa mkojo ambao haujazungushwa, wastani wa bakteria mmoja au zaidi katika kila uwanja hulingana na takriban bakteria 100,000 au zaidi kwa mililita. Kwa hiyo ndani ya saa moja tabibu alikuwa na jibu la swali la kwanza: uambukizi upo, na kisababishi chake ni fito za Gram hasi.

Jibu hilo liliruhusu seftriaksoni iendelee kwa muda. Kama yangeonekana madonge ya zambarau yaliyopangana mawili mawili au kwa minyororo mifupi, hali ingekuwa tofauti, kwa sababu yangeweza kuwa enterokoki, ambao kwa asili yao hawadhuriki kwa seftriaksoni. Dawa ingepaswa kufikiriwa upya jioni ile ile, bila kungoja uoteshaji. Hata hivyo rangi ya Gram haisemi lolote kuhusu usugu uliopatikana: fito sugu na fito sikivu huonekana sawa kabisa chini ya hadubini.

4.0 Siku ya pili: uoteshaji

Mkojo ulipandwa kwa kitanzi cha mikrolita 1 juu ya sahani ya agari ya CLED, ukawekwa katika kabati la joto la nyuzi 35 kwa usiku mmoja. Kila bakteria aliye hai huzaa kundi linaloonekana kwa macho. Kwa kuwa mikrolita 1 ni sehemu ya elfu moja ya mililita, kila kundi huwakilisha bakteria 1,000 kwa mililita, na makundi 100 huwakilisha 100,000. Asubuhi sahani ilikuwa na makundi ya njano ya sura moja, zaidi ya 100. Rangi ya njano huonesha kuwa bakteria wamechachusha laktosi iliyomo katika agari hiyo. Vipimo vya kemikali vilivyofuata vilionesha oksidesi hasi, indoli chanya, sitrati hasi na urea hasi. Mwelekeo huo ni wa Escherichia coli.

Usafi wa sahani ni hoja muhimu kuliko wingi wa makundi peke yake. Kama yangeota makundi ya sura tatu au zaidi, tafsiri yenye uwezekano mkubwa ingekuwa uchafuzi wakati wa kukinga mkojo, na jibu sahihi lingekuwa kuomba sampuli mpya. Maabara inayopima usikivu wa kila kinachoota katika sahani ya namna hiyo humpa tabibu orodha ya dawa za kutibu bakteria wa ngozi.

Siku hiyo hiyo homa ya mgonjwa ilikuwa bado nyuzi 38.6. Uambukizi wa figo huweza kuchukua saa 48 hadi 72 kabla homa haijashuka hata dawa ikiwa sahihi. Kwa hiyo ishara hii haikutosha kuhukumu, lakini ilitosha kumfanya tabibu aisubiri fomu ya maabara kwa makini.

5.0 Siku ya tatu: kipimo cha usikivu

Njia iliyotumika ni ya visahani vya karatasi vyenye dawa, ambayo kanuni zake zilisanifishwa na Bauer, Kirby na wenzao mwaka 1966. Makundi matatu hadi matano ya bakteria huchanganywa katika maji ya chumvi mpaka uzito wa ukungu ulingane na kipimo cha 0.5 cha McFarland, yaani takriban bakteria milioni 150 kwa mililita. Ndani ya dakika 15 mchanganyiko hupakwa kwa pamba juu ya agari ya Mueller-Hinton katika pande tatu ili usiache nafasi. Visahani huwekwa juu yake, na sahani hukaa katika nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Dawa husambaa ndani ya agari ikipungua nguvu kadiri inavyokwenda mbali. Pale ambapo nguvu yake haitoshi tena, bakteria huota, na ukingo wa duara tupu hujitokeza. Kipenyo cha duara hilo hupimwa kwa milimita na kulinganishwa na jedwali.

Kipenyo hicho hakitegemei bakteria na dawa tu. Agari inatakiwa kuwa na kina cha milimita 4. Ikiwa nyembamba, dawa hutawanyika kwa upana zaidi na duara hukua, hivyo bakteria sugu huweza kuripotiwa kuwa sikivu. Ikiwa nene, kinyume chake hutokea. Mchanganyiko wenye bakteria wengi kupita kiasi hupunguza duara. Visahani vilivyotolewa kwenye jokofu na kufunguliwa kabla havijafikia joto la chumba hupata unyevu, na dawa za jamii ya penisilini huharibika mapema. Kwa sababu hiyo aina ya rejea ya Escherichia coli, iitwayo ATCC 25922, hupimwa sambamba. Kwa aina hiyo duara la seftriaksoni linapaswa kuwa kati ya milimita 29 na 35, na la jentamisini kati ya 19 na 26. Siku ya mfano huu lilikuwa 31 na 22 kwa mfuatano huo. Kama seftriaksoni ingetoa 25, majibu ya mgonjwa yasingeruhusiwa kutoka maabara, hata kama yanaonekana ya kuaminika.

Majibu ya mgonjwa yalikuwa kama ifuatavyo. Kotrimoksazoli haikuwa na duara lolote. Siprofloksasini ilikuwa milimita 17 na seftriaksoni milimita 12. Jentamisini ilikuwa 16, amikasini 23, nitrofurantoini 21, na meropenemu 29. Kisahani cha sefotaksimu peke yake kilitoa duara la 13, na kile cha sefotaksimu iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki kilitoa 22.

6.0 Kusoma majibu kwa ajili ya matibabu

Jozi ya mwisho ndiyo inayofafanua nyingine. Tofauti ya milimita 5 au zaidi kati ya visahani hivyo viwili huthibitisha kuwa bakteria wanatengeneza vimeng’enya vya beta-laktamasi vya wigo mpana, ambavyo fomu za maabara huviandika ESBL. Hapa tofauti ni 9. Vimeng’enya hivyo huivunja seftriaksoni. Asidi ya klavulaniki huvizuia, na ndiyo sababu duara likapanuka. Seftriaksoni, kwa milimita 12, iko chini kabisa ya mpaka wa usugu, ambao katika jedwali la CLSI ni 19 au pungufu. Dawa aliyokuwa akipewa mgonjwa kwa siku mbili haikuwa ikimtibu. Kuongeza dozi yake hakungesaidia.

Siprofloksasini, ambayo ingeweza kumezwa nyumbani, ni sugu pia, kwa kuwa mpaka wake ni 21 au pungufu. Zimebaki dawa nne, na hapa ndipo usomaji wa haraka unapoweza kumdhuru mgonjwa.

Nitrofurantoini ni sikivu bila shaka: duara ni 21, na mpaka wa usikivu ni 17. Ni dawa ya kumeza, ya bei nafuu, na inapatikana. Lakini nitrofurantoini hutolewa mwilini kwa haraka kupitia mkojo, na hujilimbikiza katika kibofu bila kufikia kiwango cha kutibu ndani ya nyama ya figo wala katika damu. Jedwali linalotumika kuisoma limewekwa kwa ajili ya uambukizi wa sehemu ya chini ya njia ya mkojo. Kama mgonjwa angekuwa na maumivu ya kukojoa tu, bila homa wala maumivu ya ubavu, nitrofurantoini kwa siku tano ingekuwa chaguo bora kuliko zote, pamoja na ukali wa usugu uliopo. Kwa uambukizi wa figo, fomu ile ile yenye neno lile lile “sikivu” haitoi ruhusa ya kuitumia.

Jentamisini inaleta tatizo la aina nyingine. Kwa jedwali la CLSI lililotumika kabla ya mwaka 2023, duara la 15 au zaidi lilihesabiwa kuwa sikivu, na 16 ya mgonjwa huyu ingeripotiwa hivyo. Kwa marekebisho ya mwaka 2023, usikivu huanzia 18, na 15 hadi 17 ni katikati. Bakteria hawajabadilika, wala sahani haijabadilika. Kilichobadilika ni ujuzi kuhusu kiwango cha dawa kinachopatikana mwilini kwa dozi za kawaida. Maabara yenye jedwali la zamani ukutani na maabara yenye jedwali jipya zingempa tabibu majibu mawili tofauti kutoka duara moja. Kwa hiyo fomu inapaswa kutaja toleo la jedwali, na inafaa iandike milimita zenyewe badala ya herufi peke yake.

Zimebaki amikasini na meropenemu. Zote mbili zinafika kwenye figo na zote ni sikivu. Katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, amikasini imo katika kundi la dawa za kutumiwa mwanzoni, na meropenemu imo katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalizi, kwa sababu ikishapotea kwa usugu machaguo yanayobaki ni machache na ghali. Kreatinini ya mgonjwa ilikuwa ya kawaida, shinikizo la damu lilikuwa imara, na hakuwa mjamzito. Chaguo lililofaa lilikuwa amikasini miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 840 kwa siku kwa dozi moja, huku kreatinini ikirudiwa kupimwa na mgonjwa akiulizwa kuhusu usikivu wa masikio yake. Dozi moja kwa siku ina faida nyingine: mgonjwa akishapata nafuu, sindano zilizobaki zinaweza kukamilishwa katika kituo kilicho karibu na nyumbani kwake Nkuhungu.

Uamuzi huo ungegeuka kama mambo matatu yangekuwa tofauti. Shinikizo la damu lingeshuka, meropenemu ingeanza mara moja bila kujadili akiba ya dawa. Kreatinini ingekuwa juu, amikasini ingeongeza madhara kwa figo ambazo tayari zimeumia. Mgonjwa angekuwa mjamzito, dawa za jamii ya amikasini zingeepukwa kwa sababu ya hatari kwa masikio ya mtoto aliye tumboni. Katika hali zote tatu fomu ya maabara ingebaki vilevile, herufi kwa herufi.

7.0 Hitimisho

Mfano huu umeonesha mfululizo wa maswali matatu. Rangi ya Gram ilijibu, ndani ya saa moja, iwapo uambukizi upo na ni wa kundi lipi. Uoteshaji ulijibu, siku ya pili, ni bakteria gani na kwa wingi gani. Kipimo cha usikivu kilijibu, siku ya tatu, ni dawa zipi zilizoshindwa na kwa sababu gani. Swali la nne, yaani dawa ipi apewe mgonjwa huyu, halikujibiwa na kipimo chochote kati ya hivyo. Lilijibiwa kwa kuyaweka majibu ya maabara kando ya maneno yaliyoandikwa katika fomu siku ya kwanza: homa, maumivu ya ubavu, si mjamzito.

Kutokana na hayo, makala inapendekeza kuwa fomu ya kuombea kipimo iwe na nafasi ya lazima ya kuandika mahali uambukizi unapodhaniwa kuwapo, na kwamba pale sehemu hiyo inapotaja figo au damu, maabara isiripoti nitrofurantoini hata kama ilipimwa. Jibu lisilotolewa haliwezi kusomwa vibaya na tabibu wa zamu ya usiku.